Vikombe Vitatu: Karata ya Shangwe Inayoweza Kunong'ona

Wanawake watatu wamesimama kwa duara, vikombe juu, kama wanaotakiana heri. Chini yao kuna boga na matunda yaliyoiva. Ndivyo Pamela Colman Smith alivyoichora karata ya Vikombe Vitatu katika seti ya taroti aliyoiandaa pamoja na Arthur Edward Waite, ikatolewa London mwaka 1909. Katika seti nyingi za kabla ya hapo palikuwa na vikombe vitatu tu, bila mtu hata mmoja.

Mtu akiuliza kuhusu marafiki, karata hii ikitoka wima husomwa kwa furaha: harusi, mtoto mchanga, au mashoga waliopoteana kukutana tena. Ikitoka kichwa chini, mambo hubadilika. Waite aliandika kwamba hapo inaweza kuonyesha jambo kumalizika, na pia starehe za mwili zilizopita kiasi. Umbea yeye hakuutaja. Huo waliuongeza wasomaji wa baadaye, na ni rahisi kuona walikoutoa: watu watatu wakikaa duara na kupeana migongo na ulimwengu, aliye nje ndiye husemwa.

Lakini kupinduka peke yake hakutoshi kumtia mtu hatiani. Msomaji makini hutazama kwanza karata za jirani. Vikombe Vitatu vikikaa kando ya Shetani, swali huelekea kwenye ulevi, madeni ya karamu au mazoea yasiyoachika. Vikikaa kando ya Kijana wa Panga, ambaye Waite alimhusisha na upelelezi, maneno ya pembeni ndiyo hukaribia.

Tuchukue mfano wa mwanamke anayeuliza kwa nini wenzake wawili wamempoa tangu sherehe ya kuzaliwa ya mmoja wao. Zinawekwa karata tatu: yaliyopita, yaliyopo, na ushauri. Kwanza vinatoka Vikombe Vitatu, wima. Kwa hiyo urafiki wenyewe ulikuwa wa kweli. Katikati anakaa Kijana wa Panga, upanga mkononi, macho yakiangaza huku na huku. Hapa msomaji hasemi "wanakusengenya". Anauliza: siku ile kuna siri uliyoisema, au uliyoisikia, ambayo haikuwa ya kutoka mezani? Mara nyingi swali hili ndilo lenye kazi, kwa sababu mwulizaji naye huenda ndiye aliyebeba maneno.

Ya mwisho ni Vikombe Viwili, watu wawili wakitazamana uso kwa uso. Ushauri unaotoka hapo ni kumtafuta mmoja wao peke yake, bila kikundi na bila ujumbe wa simu, na kumwuliza waziwazi.

Hakuna ushahidi kwamba karata hujua yaliyosemwa chumba kingine, wala haziwezi kutaja jina la mmbea. Msomaji anayelitaja anakisia, na ukisiaji wa namna hiyo umeshavunja urafiki ambao haukuwa na kosa.