Vijiboksi pembeni ya bidhaa uliyoikata: safisha kwanza, JPG iwe ya mwisho

Leo tuongelee ule uchafu unaoonekana kuzunguka bidhaa ukishaitoa kwenye picha na kuiweka juu ya rangi nyingine. Kwenye simu picha ilikuwa safi kabisa, nyuma nyeupe pee. Ukiiweka kwenye bango la kijani, pembeni yake panatokea kama ukungu wa vijiboksi vyeupe na kijivu, vimepanda na kushuka kama ngazi. Wengi wanamlaumu mchapaji au mashine yake. Mara nyingi tatizo lilishaingia kwenye picha kabla haijafika kwake.

Nawapa mfano wa kazi iliyokuja dukani kwangu hapa Mbeya. Mama mmoja wa Iringa anauza vile vikapu vya milulu. Alikuwa anataka bango la kijani la kuweka kwenye banda lake la Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, na kikapu kimoja kikubwa katikati. Picha ilipigwa kwa simu, ikatumwa Wasapu kwa kijana wake, kijana akafuta nyuma pakawa peupe, akasevu JPG. Kesho yake akaifungua tena, akapunguza pembeni, akasevu JPG. Akaongeza mwanga, akasevu JPG. Halafu akanitumia mimi kwa Wasapu. Hapo imeshabanwa mara tano, ukihesabu na zile mbili za Wasapu, bila kuhesabu ile ya kamera yenyewe.

Sasa elewa JPG inafanyaje kazi, maana hapo ndo siri ilipo. Ili faili liwe dogo, JPG inaigawa picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8, ikianzia kona ya juu kushoto. Kila kiboksi kinabanwa peke yake, na vitu vidogo vidogo vinatupwa. Kiboksi chenye nyeupe tupu hakina shida, kinabaki cheupe. Kiboksi chenye kikapu tupu nacho hakisumbui sana, uchafu unajificha kwenye msuko. Shida ni kile kiboksi ambacho nusu ni ukingo wa kikapu na nusu ni nyeupe. Mpaka mkali namna hiyo JPG haiwezi kuubana vizuri, kwa hiyo alama za kikapu zinamwagikia upande mweupe, lakini haziruki kwenda kiboksi cha jirani. Ndo maana uchafu unakuwa na umbo la boksi na unafuata ukingo wa bidhaa.

Kusevu mara moja kwa kiwango cha juu, uchafu huo hauonekani kirahisi. Tatizo ni kuediti, kusevu, kuediti tena, kusevu tena. Kijana alipopunguza pembeni, tuseme pikseli 3 upande wa kushoto, viboksi vipya havikuangukia mahali pa vile vya zamani. Kwa hiyo uchafu wa kwanza ukahesabiwa kama sehemu ya picha, na wa pili ukaongezwa juu yake. Kufungua picha na kuitazama tu hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni kubanwa upya.

Kwa nini hakuuona? Kwa sababu alikuwa anakagua juu ya nyeupe. Nyeupe kamili ni 255, na uchafu huo unaweza kuwa 250 au 243. Jicho halitofautishi, lakini kile kifaa cha kuchagua rangi kinatofautisha. Unakigusisha kwenye nyeupe, kinachukua nyeupe tupu na kuacha vijiboksi vimeng'ang'ania bidhaa. Kwenye bango sasa, piga hesabu. Kikapu kwenye picha kilikuwa na upana wa pikseli 800, na kwenye bango kilitakiwa kiwe mita 1. Kila pikseli inakuwa milimita 1.25, na kiboksi cha pikseli 8 kinakuwa sentimita 1 nzima. Mteja akisimama mbele ya banda anaona utando mweupe wa sentimita 1 kuzunguka kikapu.

Nikampigia. "Shikamoo mama, ile picha ya kwanza kabisa kwenye simu bado ipo?" Akasema, "Marahaba mwanangu, ipo, mbona ni hiyohiyo?" Siyo hiyohiyo. Nikamwomba aitume Wasapu kama dokyumenti, siyo kama picha, maana kwa dokyumenti faili linafika kama lilivyo. Ilipofika, kikapu chenyewe kilikuwa na pikseli zaidi ya 2,000, na ukingo wake unaonekana uzi kwa uzi.

Kuanzia hapo utaratibu ni huu. Picha ya kamera usiiguse, fanya kazi kwenye nakala. Mimi natumia GIMP kwenye kompyuta, ni ya bure. Kwanza nyoosha picha, punguza pembeni na rekebisha mwanga, yote kwa mkupuo mmoja. Pili safisha madoa ya nyuma kabla ya kukata. Tatu chagua bidhaa, halafu ingia `Select > Shrink` uweke 2, ili mstari wa kukatia uingie ndani kidogo na kuacha ukingo mchafu nje. Nne ondoa nyuma, kisha papo hapo weka leya ya kijani kizito chini yake na uvute karibu hadi uone pikseli. Ukiona ngazi za vijiboksi, rudi usafishe. Usikague juu ya nyeupe.

Ukilazimika kuacha kazi katikati, sevu XCF. Bidhaa iliyokwisha kukatwa itunze PNG, kwa sababu PNG haitupi kitu na inatunza sehemu iliyo wazi. JPG haina uwazi, itakujazia rangi nyuma. Ukishapanga bango lote na kuweka ukubwa wa mwisho, ndipo utoe JPG kwa `Export As`, kiwango 90 au zaidi, mara moja tu. Mchapaji naye mtumie kama dokyumenti.

Na kama picha ya mwanzo imeshafutwa? Tengeneza nakala ya leya, nenda `Colors > Levels`, shusha kile kishale cheupe cha juu toka 255 hadi kama 240. Ule uchafu unageuka nyeupe kamili. Kwenye nakala hiyo fanya uchaguzi tu, halafu tumia uchaguzi huo kukata leya ya asili. Usikate ile nakala yenyewe, kwa sababu milulu ina rangi hafifu na sehemu zake za mwanga zitapauka. Hata hivyo nyuzi nyembamba za pembeni zitapotea, hazirudi. Na kuibadilisha JPG chafu kuwa PNG hakuisafishi, unatunza tu uchafu uleule kwenye faili kubwa zaidi.

Kama bidhaa bado ipo, nafuu upige upya. Kitu chenye rangi hafifu kipigie juu ya kitambaa cheusi au cha buluu, ukingo utauona wazi. Kisha majina ya mafaili yawe hivi ili usichanganye:

```
kikapu-asili.jpg
kikapu-kazi.xcf
kikapu-safi.png
kikapu-bango.jpg
```

Mteja akitaka mabadiliko, usifungue ya mwisho. Fungua `kikapu-kazi.xcf`, rekebisha, toa JPG mpya.