Hakimu Anapofungwa na Hukumu ya Mahakama ya Juu

Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu iliyowagawanya mahakimu na majaji wa nchi hiyo kwa zaidi ya miaka sita. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Muruatetu. Swali lililokuwa mbele ya majaji lilihusu kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema kwamba kila anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Majaji walisema adhabu ya kifo yenyewe inabaki, lakini kumlazimisha jaji aitoe bila kumsikiliza mshtakiwa akijitetea kuhusu adhabu ni kumnyima haki ya kesi kusikilizwa kwa usawa, na Katiba hairuhusu hilo.

Habari ilienea magerezani haraka. Walioanza kuandika maombi ya kuhukumiwa upya hawakuwa wafungwa wa mauaji peke yao. Walikuwamo wa wizi wa mabavu, ambao nao hukabiliwa na kifo, na walikuwamo waliofungwa kwa kunajisi watoto, ambao Sheria ya Makosa ya Kingono imewawekea vifungo visivyopungua kiwango fulani. Wote waliishika hukumu ile ile na kudai inawahusu. Kila hakimu na kila jaji aliyepokea ombi la namna hiyo alilazimika kujiuliza amefungwa na nini hasa, na kwa kiasi gani.

Ngazi za mahakama za Kenya si ngumu kuzielewa. Chini kabisa wako mahakimu, pamoja na makadhi katika mambo ya Kiislamu yaliyowekwa chini yao. Juu yao iko Mahakama Kuu, na sambamba nayo ziko mahakama ya ajira na ile ya mazingira na ardhi. Kisha inakuja Mahakama ya Rufaa, ambapo kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja, na kileleni ipo Mahakama ya Juu yenye majaji saba. Kanuni ni kwamba wa chini hufuata uamuzi wa walio juu yake katika jambo linalofanana. Kwa mahakama ya kileleni kanuni hii imeandikwa waziwazi katika Ibara ya 163(7) ya Katiba: mahakama nyingine zote zinafungwa na maamuzi yake. Majaji wawili wa Mahakama Kuu hawafungani wao kwa wao. Jaji wa Mombasa huweza kusoma hukumu ya mwenzake wa Kisumu, akaipima kwa heshima, kisha akaamua vingine.

Ugumu unaanza pale mtu anapouliza ni sehemu gani ya hukumu inayofunga. Hukumu moja inaweza kuwa na kurasa nyingi, na majaji husema mengi njiani: hutaja historia, hulinganisha na nchi nyingine, hueleza wanachokifikiri juu ya mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Hayo ni maneno ya kando. Yanaweza kumshawishi hakimu, lakini hayamfungi. Kinachomfunga ni ile kanuni ya sheria ambayo bila hiyo majaji wasingefikia matokeo waliyoyafikia katika kesi iliyokuwa mbele yao.

Sasa itazame Muruatetu kwa jicho hilo. Matokeo yake yalihusu kifungu cha 204 na kosa la mauaji. Lakini sababu walizozitoa majaji, kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa na kwamba jaji hapaswi kufungwa mikono, zilisikika kana kwamba zinaweza kubeba kila adhabu ya lazima. Mahakama ya Rufaa iliyoketi Kisumu ilizielewa hivyo. Mwaka 2018 ilizitumia katika kesi ya wizi wa mabavu, na pia ikasema kwamba vifungo vya chini katika makosa ya kingono visichukuliwe kuwa ni amri isiyotikisika. Mahakimu walifuata, na hawakuwa na kosa, kwa kuwa Mahakama ya Rufaa iko juu yao. Matokeo yake yalikuwa mabaya: wawili waliotenda kosa moja katika mazingira yaliyokaribiana waliweza kuhukumiwa vifungo vilivyopishana sana, kutegemea ni hakimu gani aliyewasikiliza na hukumu ipi aliyosomewa na wakili.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu iliamua kujieleza. Ilisema kwamba Muruatetu inahusu mauaji chini ya kifungu cha 204 tu, na haiwezi kutumiwa kama msingi wa kudai kwamba sheria zote zenye adhabu za lazima au viwango vya chini zinapingana na Katiba. Ilionyesha na njia: anayeamini kwamba adhabu ya uhaini au ya wizi wa mabavu ina kasoro hiyo hiyo, apeleke shauri lake Mahakama Kuu, hoja zisikilizwe kikamilifu, na ikibidi suala lipande hadi Mahakama ya Rufaa. Njia hiyo ina sababu. Ibara ya 165 ya Katiba imeipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuamua kama sheria inapingana na Katiba. Hakimu anayeitupa sheria ya Bunge pembeni katikati ya kesi ya jinai, bila Serikali kupewa nafasi ya kuitetea, anafanya kazi ambayo hakupewa.

Je, hakimu hana pa kutokea kabisa? Anapo, ila milango ni michache, na inayotumika zaidi ni kuonyesha kwamba kesi yake inatofautiana na ile ya juu. Tofauti hiyo lazima iguse sababu ya uamuzi. Katika kunajisi, umri wa mtoto una uzito huo: akiwa na miaka 11 au chini, sheria inataja kifungo cha maisha, kuanzia 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20, kuanzia 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Kama hukumu ya juu ilihusu mtoto wa miaka 9 na hakimu ana kesi ya binti wa 16, tofauti ni ya kweli. Lakini kama anachokiona ni kwamba mshtakiwa wake ni mpole zaidi, au anatoka kijiji kingine, hapo hakuna tofauti ya kisheria, kuna kukwepa. Utaitambua hila hiyo kwa sababu hukumu itataja tofauti ya ukweli bila kueleza kwa nini tofauti hiyo inabadilisha kanuni.

Mlango mwingine ni pale maamuzi mawili ya mahakama ya juu yanapogongana. Kenya imeyaona hayo. Mwaka 2010, katika kesi ya Mutiso, Mahakama ya Rufaa ilisema adhabu ya lazima ya kifo haifai. Mwaka 2013, katika kesi ya Mwaura, mahakama hiyo hiyo ikiwa na majaji watano iligeuka na kusema Mutiso ilikosea. Katika mgongano wa namna hiyo, wa chini analazimika kuchagua, na kwa kawaida huangalia uamuzi wa karibuni zaidi, hasa kama umeujadili ule wa zamani na kuukataa waziwazi. Uamuzi wa zamani pia hupoteza nguvu pale ambapo sheria iliyoutegemeza imebadilishwa, au mahakama ya juu zaidi imeuondoa. Ndiyo maana hukumu za kabla ya Katiba ya 27 Agosti 2010 husomwa kwa tahadhari: huenda maneno ya sheria ni yale yale, lakini msingi wake umehama.

Kuna mlango mmoja ambao wengi hudhani uko wazi na kumbe umefungwa. Ni kudai kwamba majaji wa juu walipitiwa, hawakuiona sheria fulani, kwa hiyo uamuzi wao hauna nguvu. Mahakama inaweza kusema hivyo juu ya uamuzi wake yenyewe. Kuusemea wa walio juu ni jambo lingine. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, chini ya Jaji Denning, ilijaribu kuitupa hukumu ya mahakama iliyokuwa juu yake kwa hoja hiyo. Mwaka 1972, katika kesi ya Cassell na Broome, ilikaripiwa vikali. Nakubaliana na karipio hilo. Anayeamini wakubwa wamekosea ana njia ya heshima: aufuate uamuzi, aandike kwa kina kwa nini haukubali, kisha rufaa iyapeleke maneno yake kwa wenye mamlaka ya kubadilisha. Hukumu ya namna hiyo huwasaidia majaji wa juu kuliko uasi wa kimyakimya.

Mwaka 2022 mambo yalichafuka tena. Mwezi Mei, Mahakama Kuu ya Machakos ilisema vifungo vya chini katika makosa ya kingono, kwa kadiri vinavyomnyima hakimu hiari, haviendani na Katiba. Mwezi Oktoba, Mahakama ya Rufaa ikampunguzia mtu aliyenajisi mtoto kifungo chake kutoka miaka 20 hadi 15. Fikiria basi hakimu wa mwanzoni mwa 2023. Mbele yake yuko kijana wa miaka 19 aliyepatikana na hatia ya kunajisi binti wa miaka 14, na wakili wake ameshika hukumu ya Oktoba. Hukumu hiyo ni mpya kuliko maelekezo ya 2021, lakini cheo hutangulia tarehe. Uamuzi wa karibuni husaidia pale maamuzi yanapotoka ngazi moja. Mahakama ya kileleni ikiwa imeshasema Muruatetu isinyooshwe hadi huko, la karibuni kutoka chini yake haliwezi kuifuta kauli hiyo. Kwa maoni yangu, hakimu huyo alipaswa kutoa miaka 20, na kama roho ilimuuma kwa ajili ya ujana wa mshtakiwa, aandike hivyo.

Mahakama ya Juu ilifunga mjadala tarehe 12 Julai 2024, katika ombi nambari E018 la 2023. Ilieleza kwamba adhabu ya lazima na kiwango cha chini ni vitu viwili, kwani kiwango cha chini bado kinamwachia hakimu nafasi ya kupima kuanzia hapo kwenda juu. Ilisema Mahakama ya Rufaa ilikosea, kwa kuwa suala la Katiba halikuwa limeibuliwa na kujadiliwa ipasavyo tangu chini, ikarudisha kifungo cha miaka 20.

Kwa hiyo, kama una ndugu aliyefungwa kwa kosa hilo na mtu anakuomba pesa akikuahidi kwamba Muruatetu itampunguzia miaka, mwambie akuonyeshe uamuzi unaomtegemeza, wa mahakama gani na wa tarehe gani. Hukumu hizi zinasomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Kama alichonacho ni hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya kabla ya 12 Julai 2024, weka pesa yako mfukoni kwanza, uende kwa wakili mwingine.