Unataka kushona nyumbani? Soma kitabu ukiwa na futi mkononi

Ukishanunua cherehani, kitu kinachofuata ni kitabu. Ukizunguka kwa wauza vitabu wa mitumba katikati ya jiji la Nairobi, pale tunapopaita 'inama bookshop', huenda ukakipata kwa bei nafuu kuliko dukani. Lakini kabla hujatoa pesa, jua unanunua kitabu cha aina gani.

Kuna vitabu vya kushona na kuna vya kukata. *Complete Guide to Sewing* cha Reader's Digest, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1976, ni cha kushona: kinakuonyesha kwa picha jinsi ya kuweka zipu, kola na upindo. *Metric Pattern Cutting for Women's Wear* cha Winifred Aldrich ni cha kukata: kinakufundisha kuchora kiolezo cha nguo kwenye karatasi kutokana na vipimo. Anayeshonea wateja anahitaji vyote viwili. Ila kama mfuko unaruhusu kimoja tu, anza na cha kukata, kwa sababu mshono uliopinda unafumuliwa lakini kitambaa kilichokatwa vibaya ndio basi.

Sasa shida iko hapa. Vitabu hivi viliandikwa kwa miili na vitambaa vya kwingine. Jedwali la saizi lililo ndani si la mteja wako, kwa hivyo achana nalo. Chukua hesabu tu.

Hesabu ya sketi moja

Tuseme mteja anataka sketi ya kitenge iliyonyooka. Kiuno ni inchi 30, nyonga 42, urefu 25. Kwanza ongeza nafasi ya kupumua: inchi 1 kiunoni na 2 kwenye nyonga, la sivyo hataweza kuketi kwenye matatu. Sasa una 31 na 44. Gawanya kwa nne, kwani unachora robo moja ya mwili. Kiuno kinakuwa 7¾, nyonga 11. Tofauti ni inchi 3¼.

Hiyo 3¼ lazima ipotee kiunoni, na hapo ndipo wengi huharibu. Ukiikata yote ubavuni, sketi itatoa 'masikio' kwenye nyonga. Igawanye. Kwa robo ya nyuma, weka dati mbili, yaani ile mikunjo inayobana kiuno, kila moja inchi 1. Inchi 1¼ iliyobaki ndiyo unayoikata ubavuni kwa mviringo mpole, ukishuka hadi mstari wa nyonga, kama inchi 8 chini ya kiuno. Dati za mbele huwa fupi kuliko za nyuma kwa sababu tumbo hutokeza juu zaidi kuliko makalio.

Angalia pia kama kiolezo cha kitabu kina akiba ya mshono. Vingi vya kukata havina; unaongeza mwenyewe. Acha inchi 1 kila upande ili uweze kupanua mteja akinenepa, na inchi 2 za upindo.

Kitambaa kinatosha?

Mchoro wa kupanga kitambaa kitabuni mara nyingi hutumia kitambaa kipana cha sentimita 150. Kitenge kina upana wa kama inchi 45 tu. Sketi yetu, kipande cha mbele ni inchi 22 na akiba 2, jumla 24. Nyuma ni 22, akiba 2 za pembeni na 2 za zipu katikati, jumla 26. Pamoja ni 50. Hazikai kando kwa kando!

Kwa hivyo unapanga kimoja chini ya kingine. Kila kipande kina urefu wa 25, upindo 2 na akiba 1 ya juu, yaani 28. Mara mbili ni 56, na yadi moja na nusu ni inchi 54. Mwambie mteja alete yadi mbili, na mkanda wa kiuno utoke kwenye mabaki. Ukimwambia yadi moja na nusu, inchi mbili zinazokosekana zitakuwa deni lako.

Jaribu kwa shuka kuukuu

Kabla ya kugusa kitenge cha mtu, kata kiolezo kwa shuka kuukuu, ushone kwa mishono mirefu na umvalishe. Ukiona mistari ya kulala chini ya kiuno na sketi inapanda juu, nyonga zimebana, fungua ubavuni. Upindo ukiinuka nyuma huku mbele umenyooka, makalio yamekula urefu. Ongeza urefu wa nyuma pale juu kiunoni, usipunguze mbele.

Kisha andika vipimo na marekebisho kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila mteja, na uhifadhi kiolezo chake kikiwa na jina. Akirudi na kitenge kingine, hutahitaji kufungua kitabu tena. Utaanza kwa kupima kitambaa alicholeta.