Helmeti ya Toleka: Upepo Unaingia Wapi, Unatokea Wapi?

Dereva wa toleka anayetoka Mangobo kwenda mjini Makiso akiwa amepakia abiria na kiroba cha mchele hufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo. Mwili unatoa joto jingi, na upepo unaompiga usoni ni wa kilomita 12 au 15 kwa saa tu. Helmeti za baiskeli mara nyingi hutangazwa na waendesha baiskeli wa mbio, ambao huenda kasi maradufu na hawabebi mtu. Ukichagua kwa kuangalia picha hizo, unachagua kwa mahitaji ya mtu mwingine.

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na hewa yake imejaa unyevu. Hata hivyo jasho bado linaweza kukauka. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina mvuke mchache kuliko ile iliyogusana na ngozi yenye jasho ya nyuzijoto 35, kwa hiyo mvuke hutoka kichwani kuingia hewani. Sharti ni moja: hewa iliyokwisha kushiba iondoke, nyingine ichukue nafasi yake. Ndani ya helmeti iliyoziba, hewa hushiba upesi, na kuanzia hapo jasho linatiririka tu mpaka machoni bila kupoza chochote.

Ndiyo maana idadi ya matundu haisemi mengi. Wauzaji hupenda kuyahesabu, lakini tundu ambalo kwa ndani limezibwa na paji la mtu halipitishi kitu. Geuza helmeti, utazame mifereji iliyochongwa ndani ya povu. Ingiza kidole kwenye tundu la mbele, juu ya paji, kifuate mfereji kuelekea kisogoni. Kidole kikifika kwenye tundu la nyuma bila kukwama, upepo nao utafika. Mfereji ukiishia katikati ya utosi, achana nayo. Matundu ya juu nayo yana kazi yake: baiskeli inaposimama kungoja abiria, hewa ya moto hupanda na kutokea hapo. Rangi nyeupe husaidia pia, kwa kuwa jua la saa saba hupiga utosini moja kwa moja.

Matundu makubwa yana gharama yake. Kila tundu ni povu lililopungua, na mtengenezaji hulazimika kulifanya povu lililobaki liwe gumu zaidi ili lihimili pigo. Kwa hiyo tafuta ndani maandishi EN 1078, alama ya kipimo cha Ulaya. Katika kipimo hicho helmeti huangushwa kutoka kimo cha kama mita 1.5, na baadhi huwa zimepashwa kwanza hadi nyuzijoto 50.

Mita 1.5 ni karibu na kimo cha kichwa cha mtu aliye juu ya baiskeli. Tuseme dereva anateleza kwenye lami iliyolowa na kichwa kinatangulia. Povu likibonyea milimita 15, kichwa kinasimamishwa kwa nguvu ambayo kwa wastani ni mara 100 ya uzito wake. Bila helmeti, ngozi na nywele zikibonyea milimita 3, nguvu hiyo inafika mara 500. Tofauti yote inatoka kwenye zile milimita 12 za ziada.

Kwa hiyo helmeti inayoinuka na kuacha paji wazi haina faida. Ukingo wake ukae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ya kila upande ikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Piga mwayo mkubwa: usikie helmeti ikikukandamiza utosini. Kisha isukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka nyusi, kaza mkanda wa nyuma ya sikio. Gurudumu dogo la kisogoni huituliza kichwani tu, halichukui nafasi ya mkanda. Mkanda wa nailoni hulegea ukilowa jasho, basi rudia jaribio hilo la kusukuma katikati ya siku. Wanaofungua kidevuni ili wapumue ndio helmeti huwatoka kabla hawajafika chini.

Povu lililobonyea halirudi. Vishimo vyake vidogo vya hewa vimepasuka, na pigo la pili mahali palepale litakuta pameshakuwa pagumu. Ganda la nje, lakini, huweza kurudi katika umbo lake na kung'aa kama jipya. Baada ya ajali toa sifongo zote za ndani, utafute ufa mwembamba kwenye povu, mahali palipokuwa pembamba kuliko upande wa pili, au ganda lililoachana na povu. Usipoona kitu na kichwa kiligonga kweli, bado ibadilishe, kwa sababu jicho halioni kila mbonyeo. Hilo ndilo tatizo la helmeti ya mitumba: hujui iliangukia wapi. Ganda lililojaa malengelenge limeungua kwa joto. Na ukikuta povu limeyeyuka na kuacha vijishimo, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu aliifuta kwa petroli, ambayo huila polistireni mara moja. Sabuni na maji vinatosha.