Barua pepe ya kukumbushia kibali kwa mkubwa

Ukali wa barua pepe ya kukumbushia kibali kwa kiongozi mara nyingi hautoki kwenye maneno ya ukali. Hutoka kwenye kitenzi: nani ametajwa kuwa mtenda wa kosa. "Hujajibu barua yetu" inamnyooshea kidole mpokeaji, ilhali "bado hatujapokea majibu" inaeleza jambo lilelile bila kumshtaki mtu. Kinachosukuma kibali ni tarehe na hesabu iliyoizaa, wala si kumfanya mkubwa ajione ana hatia.

Chukua mfano wa halmashauri moja nchini Tanzania. Ujenzi wa zahanati umekamilika na kubakiza shilingi 18,500,000. Halmashauri inataka fedha hizo zijenge kichomea taka na shimo la kondo, kazi ambazo hazikuwamo kwenye mpango wa awali, kwa hiyo inahitaji kibali cha kubadili matumizi. Barua ya maombi ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa tarehe 14 Aprili 2025. Sasa ni tarehe 19 Mei, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni.

Rasimu ya kwanza huandikwa kwa hasira: "Mpaka leo hujajibu barua yetu. Ucheleweshaji huu unakwamisha mradi. Tunaomba kibali haraka iwezekanavyo." Sentensi mbili za mwanzo zinalaumu. Ya tatu inaonekana kali, lakini haidai chochote, maana hakuna ajuaye "haraka iwezekanavyo" inaisha lini. Anayejutia rasimu hiyo naye huangukia upande wa pili: "Kwa heshima na taadhima, samahani sana kwa usumbufu, tunajua una majukumu mengi, ukipata nafasi utukumbuke." Hapo mkubwa ameshapewa ruhusa ya kuendelea kuchelewa.

Kabla ya kugusa lugha, mwandishi ahesabu siku kurudi nyuma. Kutoka 30 Juni, ukaguzi wa kazi na malipo vinataka wiki moja. Ujenzi wenyewe ni wiki tatu, na kununua vifaa wiki moja. Jumla ni wiki tano, kwa hiyo siku ya mwisho ya kupata kibali ni Jumatatu, 26 Mei. Tarehe ya namna hii haimwamrishi mkubwa, kwa sababu imetokana na kazi yenyewe. Iliyobuniwa tu ili kumharakisha hugundulika upesi, na barua itakayofuata haitaaminika.

Barua pepe inaweza kusomeka hivi:

"Yah: Kibali cha kubadili matumizi ya Sh 18,500,000 – kinaombwa kufikia 26 Mei

Ndugu Katibu Tawala,

Tafadhali rejea barua yetu ya tarehe 14 Aprili 2025, ambayo nakala yake imeambatishwa. Naiomba ofisi yako itupatie kibali kufikia Jumatatu, tarehe 26 Mei. Manunuzi, ujenzi, ukaguzi na malipo vinahitaji wiki tano. Kibali kikitoka baada ya hapo, kazi haitakamilika kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni.

Iwapo kuna maelezo yanayopungua, tutayawasilisha siku hiyohiyo.

Naomba kuwasilisha."

"Ofisi yako" inafanya kazi kubwa hapa: ombi linaelekezwa kwenye cheo, na jalada lililokwama mezani kwa afisa wa chini halimwaibishi mkubwa. Sentensi ya maelezo yanayopungua inampa njia ya kujibu hata kama kibali hakijawa tayari, na mara nyingi huko ndiko kunakojulikana kilichokwamisha. Tarehe imewekwa mpaka kwenye kichwa cha habari kwa kuwa katibu muhtasi ndiye huchambua barua pepe kwanza, na husoma vichwa. Kuambatisha barua ya awali nako ni adabu: mkubwa haendi kutafuta jalada masijala.

Nakala ni sehemu ya lahaja pia. Kumwekea nakala bosi wa mpokeaji kwenye ukumbusho wa kwanza ni kushtaki, hata kama maneno ni matamu kama asali. Nakala kwa afisa anayeshughulikia jalada haina ubaya, na huenda ndiyo itakayolitoa. Mtumishi wa ngazi ya chini, kwa upande wake, haruki mkuu wa idara yake. Barua hupitia kwake.

Kuna kauli moja isiyofaa kabisa katika maombi ya fedha za umma: "Tusipopata majibu tutaendelea na utekelezaji." Ukimya si kibali, na mkaguzi wa hesabu hataukubali. Ikifika tarehe 26 bila jibu, hupigwa simu kwa katibu muhtasi kuuliza jalada liko kwa nani, kisha hutumwa ujumbe wa pili wa sentensi mbili, juu ya ule wa kwanza, ukieleza kazi ipi kati ya mbili bado inaweza kumalizika ndani ya siku zilizobaki na ukiomba kibali cha hiyo peke yake.