Tangazo Litangulie Msimu

Masika yaingiapo Unguja, nyumba nyingi za wageni za pwani ya mashariki, kuanzia Paje hadi Jambiani, hubaki tupu. Mwenye nyumba, aonapo vyumba vitupu na mfuko mwepesi, husimamisha matangazo. Julai ifikapo na wageni wakajaa, huanza tena kutangaza. Sisi twasema hapo amefanya kinyume, na kosa hilo hulipwa na mpishi na mtandika vitanda wanaopunguzwa kazi.

Sababu yake si ngumu. Mgeni wa Ulaya ajaye Agosti aghalabu huweka nafasi miezi 2 hadi 4 kabla. Basi mvua za Aprili na Mei ndizo siku anazoamua. Tangazo la Agosti humkuta amekwisha kwenda kwingine.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba 8 yenye shilingi 6,000,000 za matangazo kwa mwaka. Robo ya kwanza ipewe 1,500,000. Ya pili 2,100,000, ambazo nyingi zitumike Aprili na Mei. Ya tatu 1,500,000, kuanzia katikati ya Agosti, kuwaita wageni wa Desemba na Januari. Na ya nne 900,000, Oktoba na Novemba.

Mapumziko nayo yapangwe: Julai hadi katikati ya Agosti, na tangu tarehe 10 Desemba hadi mwisho wa mwezi. Lakini tarehe peke yake isitawale. Robo tatu ya vyumba vya msimu zikishalipiwa arubuni, tangazo lipumzike hata kama siku yake haijafika. Ikiwa hazijajaa, liendelee.

Kabla ya kumwaga fedha nyingi, maudhui yajaribiwe Februari na Septemba. Tuseme tangazo moja lasifu upepo wa kusi kwa wacheza tiara za baharini, na jingine utulivu kwa familia. Kila moja lipewe 200,000 kwa wiki 2 zilezile, kwa watu wa nchi ileile, na bei ileile. La kwanza likileta maulizo 40 na arubuni 2, na la pili maulizo 18 na arubuni 5, mshindi ni la pili: kila mgeni amegharimu 40,000, si 100,000. Maulizo hayalipi mshahara. Hata hivyo idadi hizo ni ndogo, hivyo jaribio lirudiwe mara moja kabla ya kuamua.

Kalenda hii haifai kunakiliwa mwaka hadi mwaka. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 10 au 11, na pamoja nayo husogea sikukuu zinazoleta wageni wa ndani. Hivyo twaziomba idara zinazohusika zitangaze tarehe za matamasha miezi 6 kabla, kwani mwenye nyumba hawezi kumwita mgeni kwa siku asiyoijua.