Kuomba muuzaji ashushe bei bila kuharibu uhusiano

Wandugu, wengi wetu tukimaliza masomo hapa Lualaba, tunajikuta kwenye ofisi ya manunuzi ya kampuni ndogo inayohudumia migodi. Siku moja bosi anakuletea profoma ya Lubumbashi na kusema: "Ona, kule ni bei ya chini. Mwambie muuzaji wetu wa Kolwezi ashushe." Hapo ndipo kazi inaanza, maana ukikimbilia kwa muuzaji na ile karatasi jinsi ilivyo, unaweza kukosa bei na kumpoteza muuzaji vilevile.

Nieleze kwa mfano wa viatu vya usalama nilivyonunua, jozi 60. Mama tuliyezoea kununua kwake Kolwezi alitoa bei ya dola 42 kwa jozi. Lubumbashi walisema dola 33. Kwa macho, tofauti ni dola 9.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha ni kitu kimoja. Kwenye ulimi wa kiatu mnaandikwa EN ISO 20345, na mbele yake alama kama S1P au S3. Zote mbili zina kinga ya vidole na soli ya kuzuia misumari, lakini S1P ngozi yake haikuhakikishwa kuzuia maji. Kwetu, mvua ikianza na mgodi ukigeuka matope, wafanyakazi watakurudishia hivyo viatu. Kama profoma ya bei ya chini ni ya S1P na ya muuzaji wako ni ya S3, huna cha kuomba. Zangu zote mbili zilikuwa S3.

Jambo la pili ni kuleta bei zote mbili mlangoni pako. Bei ya mama ya dola 42 ilikuwa na TVA ndani, analeta mwenyewe, na tunalipa kisha siku 30. Ile ya Lubumbashi ilikuwa bila TVA, unachukulia kwenye depo yao, na unalipa yote mbele. Ongeza TVA ya 16%, 33 inakuwa 38.28. Lori kuja Kolwezi, safari ya kilomita kama 300, waliniomba dola 90 kwa mzigo mzima, yaani 1.50 kwa jozi. Jumla ni 39.78. Ile tofauti ya dola 9 ilibaki dola 2.22. Hii ndiyo namba ya kuzungumzia. Ukimwomba 33, anajua huelewi biashara, ao unamdanganya.

Sasa kuonyesha ushahidi. Nilipiga picha ya profoma na kufunika jina, muhuri na namba ya benki. Niliacha wazi aina ya kiatu, idadi, tarehe na muda ambao bei inadumu. Hivyo vinatosha kumhakikishia kwamba bei ni ya kweli na haijaisha muda. Nilimtumia hesabu yangu pia, pamoja na TVA na lori, ili aone sikumfichia kitu. Usitunge bei ambayo haipo: wauzaji wa hapa wanajuana, simu moja tu inatosha.

Nilienda asubuhi, wakati hakuna wateja wengine dukani, maana akikushushia bei mbele yao, wote wataidai. Nilimwambia: "Mama, miye nataka kuendelea kununua kwako. Niko na bei ingine ya ku Lubumbashi, tuiangalie pamoja. Unaweza kunifikisha pa 39.80?"

Aliuliza: "Ni nani huyo?" Nikamjibu: "Mama, unisamehe. Hata yeye akiniuliza bei yako, sitamuonyesha." Akacheka, tukaendelea.

Angalia tena: Lubumbashi walitaka pesa mbele, mama alikuwa anatukopesha siku 30. Kumwomba bei ya kashi na deni la siku 30 kwa pamoja si haki. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya bosi, nilimpa kitu: nusu tunalipa siku analeta, nusu kisha siku 15. Akakubali dola 40. Kwa jozi 60 tulilipa 2,400 badala ya 2,520, na akaahidi kubadilisha namba zisizoenea, jambo ambalo la Lubumbashi lingedai lori lingine.

Akishakubali, nunua. Usirudi Lubumbashi na bei yake ili wale washuke tena. Hapo umegeuza neno lake kuwa silaha, na siku utakapohitaji jozi 5 za haraka hatakufungulia mlango. Na akikataa, pengine alinunua mzigo wake kwa bei ya juu na hawezi kuuza kwa hasara. Mshukuru, mwambie wazi kwamba mara hii unanunua kwingine, kisha umwombe bei tena kwa oda inayofuata.